Naomba ushauri: sifa zimejaa kwenye pendekezo la kazi

Assalaam aleikum wanakikundi. Naandika pendekezo la kuchonga milango ya hoteli moja hapa Shela. Aya nzima ya kwanza ilikuwa sifa: "hoteli yenu tukufu, isiyo na mfano pwani nzima, ni heshima kubwa hata kutufikiria." Nimeifyeka, sasa inaanza:

"Mlisema milango ya upande wa bahari inavimba wakati wa masika. Tutawachongea mipya kwa mbao kavu za mvule. Ikivimba ndani ya mwaka mmoja, tutairekebisha bure."

Naona ina uzito, ila mwenye hoteli ni mzee wa hapa hapa, nachelea ataniona sina adabu. Je, salamu ya mstari mmoja yatosha? Na pale mwishoni, "twaomba kwa unyenyekevu mtufikirie", niweke nini badala yake?