Jasho la viganja na kwapa: kizuia jasho, mashine ya umeme au sindano?

Karani_Mwaloni: Habari za jioni wakuu. Nina miaka 24, naandika stakabadhi za dagaa pale Mwaloni, Kirumba. Tangu shule ya msingi viganja vyangu vinatoa jasho mpaka karatasi inalowa na wino unasambaa. Kwapa nazo zinalowesha shati kabla jua halijawa kali. Nikilala nakauka kabisa. Marehemu baba alikuwa hivihivi. Deodoranti hazijanisaidia. Nianze na kipi kati ya hivyo vitatu?

Mama_Igoma: Mwanangu, paka shabu na limau kidogo. Joto la Mwanza hili, nani hatoki jasho?

Dada_Famasi: Shikamoo mama. Shabu inasaidia harufu, lakini limau litamchubua. Na hili si la joto. Lilianza utotoni, liko pande zote mbili, baba alikuwa nalo, na usingizini linakoma. Jasho la namna hiyo kwa kawaida halina ugonjwa nyuma yake.

Mdogo wangu, deodoranti inapambana na harufu tu. Kwa kwapa, tafuta kizuia jasho chenye kloridi ya alumini, asilimia 20. Paka usiku unapokwenda kulala, maana wakati huo jasho ni kidogo na dawa inapata nafasi ya kuziba vijitundu vyake. Asubuhi osha. Fanya hivyo kila usiku mpaka likatike, kisha mara 1 au 2 kwa wiki. Wengi wanaiacha kwa sababu inawasha, kumbe wanapaka wametoka kuoga: ikikutana na maji inatengeneza asidi. Kausha kwapa kabisa, na usipake siku uliyonyoa.

Viganjani ngozi ni nene, dawa hiyo mara nyingi inashindwa. Huko ndiko mashine inakofaa: mikono ndani ya maji ya bomba, umeme mdogo unapita, dakika 20 hadi 30, mara 3 kwa wiki mwanzoni. Mjamzito au mwenye kifaa cha umeme moyoni asiitumie.

Dereva_Buzuruga: Mimi langu ni la usiku, shuka linalowa, na suruali zimeanza kupwaya. Nipake hiyo ya asilimia 20?

Dada_Famasi: Hapana kaka, usipake chochote. La kwako ni jambo jingine. Kesho nenda kituo cha afya, waeleze hivyohivyo, wakupime kifua kikuu, VVU na sukari. Nenda hata kama hukohoi.

Mzee_wa_Ukerewe: Mimi nilichomwa sindano viganjani. Nilikauka miezi kama mitano, jasho likarudi. Inauma sana, na kwa muda vidole vilikosa nguvu, hata kufunga nyavu ilikuwa shida. Operesheni ya kukata neva niliikataa: jasho linaweza kuhamia mgongoni na tumboni, na ukishakatwa ndiyo basi.

Karani_Mwaloni: Asanteni. Kwapa naanza leo usiku. Mashine inapatikana hapa mjini?

Dada_Famasi: Madukani sijaiona. Omba rufaa kwa daktari wa ngozi Bugando, umuulize na kuhusu vidonge. Vinapunguza jasho mwili mzima, ila vinakausha kinywa, na kwa anayeshinda juani kama wewe mwili unaweza kushindwa kujipoza.

Mama_Igoma: Na shabu bila limau je?