VaR au ES: kipimo gani kibaki mezani?

Swali la mjadala, kutoka kwa Afisa Hatari Mchanga: Nafanya kazi kwenye kitengo cha hatari cha taasisi ya mikopo. Ripoti zetu zote zinatumia VaR ya 95%, yaani kiwango ambacho hasara haikivuki katika miaka 95 kati ya 100. Mkuu wangu mpya anataka tuhamie ES, yaani wastani wa hasara katika ile miaka 5 mibaya zaidi kati ya 100; anasema VaR inaweza kukuadhibu kwa kugawanya mikopo kwa watu tofauti. Mimi nimefundishwa kwamba kutoweka mayai yote kapu moja kunapunguza hatari. Inawezekanaje kipimo kiseme kinyume? Na je, VaR iachwe kabisa?

Fundi wa Mkia: Mkuu wako yuko sahihi, na unaweza kulithibitisha leo kwa kalamu na karatasi.

Chukua mikopo miwili ya milioni 100, kila mmoja kwa mkopaji wake, wasiojuana wala kutegemeana. Kila mmoja ana uwezekano wa 4% wa kushindwa kulipa ndani ya mwaka, na akishindwa hela yote imekwenda. Riba tuiache pembeni. Sasa fikiria miaka 10,000 ya kubuni. Mkopaji wa kwanza anaanguka katika miaka 400, wa pili pia 400. Kwa kuwa hawategemeani, wanaanguka wote pamoja katika miaka 16. Anaanguka mmoja tu katika miaka 768. Iliyobaki, miaka 9,216, hakuna hasara.

VaR ya 95% inapatikana hivi: panga miaka kwa hasara, futa 500 mibaya zaidi, kisha soma hasara kubwa kuliko zote katika iliyosalia. Kwa mkopo mmoja, ukifuta 500 umefuta ile 400 yote na mingine 100 isiyo na hasara. Kilichosalia ni sifuri, kwa hiyo VaR ni 0. Mkopo wa pili nao VaR yake ni 0. Ukiiweka pamoja, miaka yenye hasara ni 784. Futa 500, inabaki 284, na kila mmoja una hasara ya milioni 100. VaR ya kapu ni milioni 100.

Sifuri na sifuri zimezaa milioni 100. Sasa mpe mkopaji mmoja milioni 200 zote: uwezekano ni uleule 4%, VaR inabaki 0. Kipimo kinakwambia mpe mtu mmoja, usigawe.

Mhasibu wa Moshi: Hiyo ni kwa sababu mmechagua 95%. Mwambieni mkuu apandishe hadi 99%, tatizo litaondoka bila kubadilisha mfumo mzima.

Fundi wa Mkia: Kaka, kwa mfano huu kweli linaondoka. Kwenye 99% kila mkopo una VaR ya milioni 100, na kapu nalo milioni 100, kwa sababu kuanguka wote wawili ni 0.16% tu. Lakini niletee wakopaji bora zaidi, wenye uwezekano wa 0.9% kila mmoja. VaR ya 99% ya kila mmoja ni 0. Uwezekano wa angalau mmoja kuanguka ni takriban 1.79%, umepita 1%, na VaR ya kapu ni milioni 100 tena. Popote utakapouweka mstari, wapo wakopaji wanaokaa chini yake kidogo mmoja mmoja na kuuvuka wakiwa pamoja. Taasisi ya mikopo imejaa wakopaji wa namna hiyo hasa, maana kazi yenu ni kuchagua watu wenye uwezekano mdogo wa kuanguka.

Katibu wa Saccos: Samahanini, mimi si mtu wa hesabu nzito. Ninyi mnaongea wakopaji wasiojuana. Mwaka juzi soko liliungua usiku mmoja na wanachama wetu waliokuwa na vibanda humo wakashindwa kulipa kwa mkupuo. Walikuwa wanadhaminiana wao kwa wao, kwa hiyo hata wadhamini hawakuwa na kitu. Tatizo la VaR si ndiyo hilo, kwamba haioni watu wakianguka pamoja?

Fundi wa Mkia: Poleni sana, mama. Swali lako si lile aliloanza nalo kijana, ila linatupeleka pabaya zaidi. Tuwafanye wale wawili wawe na vibanda soko moja, kiasi kwamba akianguka mmoja ameanguka na mwenzake. Miaka 400 wanaanguka wote, miaka 9,600 wako salama. Futa 500 mibaya: VaR ya kapu ni 0.

Angalia hapo kwa makini. Wakopaji wanaoungua pamoja, VaR inasema 0. Wakopaji wasiotegemeana, inasema milioni 100. Mtu anayegawa mtaji kwa VaR angewapenda wa soko moja.

Mhasibu wa Moshi: Nimeelewa, nakubali kuhusu 99%. Basi ES ni rahisi: ni wastani wa hasara kuanzia VaR kwenda juu. Nimeijaribu sasa hivi kwenye kompyuta:

```
hasara[hasara >= VaR].mean()
```

Mkopo mmoja umenipa 4. Kapu la wasiotegemeana limenipa 102.04. Nne na nne ni nane. Kwa hiyo ES nayo imefeli jaribio lenu!

Fundi wa Mkia: Asante kwa kuweka mstari wa programu hapa, maana kosa hili nimelikuta kwenye ripoti za watu wazima. VaR ya mkopo mmoja ni 0. Ukisema "hasara isiyopungua 0", umechukua miaka yote 10,000, pamoja na ile 9,600 ya amani. Wastani wake ndio hiyo 4. Hukupima mkia, umepima ng'ombe mzima.

ES haiulizi VaR iko wapi. Inachukua miaka 500 mibaya zaidi, 500 kamili, isizidi wala isipungue, hata kama baadhi yake inalingana na ile iliyoachwa nje:

```
np.sort(hasara)[-500:].mean()
```

Mkopo mmoja: miaka 400 ya milioni 100 na 100 ya sifuri, wastani milioni 80. Miwili ukiijumlisha peke peke ni 160. Kapu la wasiotegemeana: miaka 16 ya milioni 200 na 484 ya milioni 100, wastani milioni 103.2. Kapu la soko moja: miaka 400 ya milioni 200 na 100 ya sifuri, wastani milioni 160. Mkopo mmoja wa milioni 200 nao ni 160. Mpangilio umerudi kama mama wa Saccos anavyoujua moyoni: kugawa kwa wasiotegemeana kunasaidia, kugawa kwa watu wa soko moja hakusaidii chochote.

Hasara zikiwa hazina ngazi za namna hii, zinateremka taratibu bila kurundikana mahali pamoja, mstari wako na wangu vinatoa jibu moja. Kwa mikopo, ambayo ni kulipa au kutolipa, vinatengana.

Afisa Hatari Mchanga: Mfano mmoja umekaa sawa. Nitajuaje kwamba hakuna mfano mwingine utakaoiangusha ES?

Fundi wa Mkia: Hilo ndilo swali zuri kuliko yote humu. Sababu yake ni fupi, na mimi naiona nzuri sana.

Chagua miaka 500 mibaya zaidi kwa kapu zima. Ndani ya miaka hiyohiyo, angalia mkopo wa kwanza umepoteza wastani gani. Hauwezi kuzidi wastani wa miaka 500 ambayo mkopo wa kwanza wenyewe ungejichagulia kama mibaya zaidi kwake. Wa pili vilevile. Ukijumlisha, kapu haliwezi kuzidi jumla. Hapo sikutumia 4%, wala kutotegemeana, wala umbo lolote la hasara.

Kwenye mfano wetu, katika miaka 500 ya kapu, ile 16 wanaanguka wote. Ile 484 ya mmoja mmoja tuigawe sawa, 242 kwa kila upande. Kila mkopo umeanguka mara 258, wastani milioni 51.6. Ukiachiwa ujichagulie miaka yake, unafika 80. Pengo hilo ndilo faida ya kugawa.

VaR haina hoja hiyo kwa sababu si wastani wa kundi la miaka. Ni mwaka mmoja tu, ule uliosimama mpakani, na ukiunganisha mikopo anayesimama mpakani anabadilika.

Artzner, Delbaen, Eber na Heath ndio walioandika mwaka 1999 masharti manne ya kipimo kisichojipinga. VaR inatimiza matatu: hasara ikiwa kubwa zaidi katika kila hali, hatari isipungue; ukiongeza fedha taslimu, hatari ipungue kwa kiasi hichohicho; ukizidisha mara mbili, nayo izidi mara mbili. Inakwama kwenye hili la kuunganisha, kwamba hatari ya kapu isizidi jumla ya hatari za mikopo yake.

Mtu wa Dawati la Fedha za Kigeni: Nataka kupinga kidogo. Mimi nauza na kununua sarafu, sikopeshi. Hasara zangu za kila siku zikifuata kwa pamoja umbo la kengele, VaR haivunji sharti hilo hata mara moja, maadamu kiwango kiko juu ya 50%. Na kwa umbo hilo VaR ya 99% ni 2.33 za sigma, yaani kipimo cha mtawanyiko wa hasara, na ES ya 97.5% ni 2.34. Ndicho kiwango ambacho Kamati ya Basel, inayoweka viwango vya usimamizi wa mabenki duniani, ilikichukua Januari 2016 ilipohamisha mtaji wa hatari ya soko kutoka VaR kwenda ES.

Lakini angalieni kazi ya mikono. Nina siku 250 za takwimu. Asilimia 2.5 yake ni siku sita na robo. ES yangu ni wastani wa siku sita! Siku moja ya ajabu ikiingia, namba inaruka. Na VaR naweza kuikagua: nahesabu siku zilizoivuka, basi. Kamati hiyohiyo ya Basel, baada ya kuhamia ES, imebakiza VaR kwa kuhesabu siku zilizovukwa. Mwaka 2011 Gneiting alionyesha kwamba ES peke yake haina alama ya kuwashindanisha watabiri kwa haki kama VaR ilivyo nayo.

Fundi wa Mkia: Ndugu, hayo yote nayakubali, isipokuwa hitimisho kama unataka VaR itawale. Mwaka 2016 Fissler na Ziegel walionyesha kwamba ES na VaR zikitabiriwa pamoja, alama hiyo inapatikana. Kwa hiyo VaR ibaki kwenye ukaguzi. Kugawa mtaji na kuweka ukomo wa mkopo kufanywe na ES.

Mtu wa Dawati la Fedha za Kigeni: Kwa mikopo sawa. Kwa dawati langu bado sijashawishika kwamba wastani wa siku sita ndio unipangie ukomo.

Katibu wa Saccos: Ninalo moja tu. Hiyo 4% mnaitoa wapi? Daftari letu, mwaka mmoja ni 3, mwaka mwingine ni 6.

Fundi wa Mkia: Mama, hapo ndipo ningekaa nawe siku nzima. Mkopo mmoja, uwezekano wa 4.9%: VaR ya 95% ni 0, ES ni milioni 98. Sogeza hadi 5.1%: VaR inaruka hadi milioni 100, ES nayo ni milioni 100. Kwa daftari linalocheza kati ya 3 na 6, VaR itakwambia ama hakuna hatari ama yote imekwenda. ES itatembea kutoka 60 hadi 100. Lete hesabu za walioshindwa kwa kila soko peke yake, usizichanganye, tuanze na lile lililoungua.