Mrejesho: ishara ya awamu ya kijiometri imepatikana

Swali langu lilikuwa: "Spini-1/2 inafuata uga sumaku unaozunguka polepole kwenye koni ya nyuzi 60. Kwa nini napata awamu ya +π/2 badala ya −π/2?"

Ahsanteni, wakuu. Kosa lilikuwa kwenye kurudi kutoka fremu inayozunguka. Kwa H = (ħω0/2) n·σ, ambapo n ni mwelekeo wa uga, ω ni kasi yake ya kuzunguka na θ ni nyuzi 60 kati ya n na mhimili z wa mzunguko, hali ikianza sambamba na n, ndani ya fremu hiyo spini inaona kasi hii:

```
W = sqrt(ω0² + ω² − 2 ω0 ω cosθ)
  ≈ ω0 − ω cosθ + ω² sin²θ/(2 ω0)
```

Kwa mzunguko mmoja, T = 2π/ω, awamu ni −WT/2. Kipande cha kwanza, −ω0T/2, ni cha nishati tu. Cha pili ni +π cosθ, yaani +π/2, na hapo ndipo nilipoishia. Kumbe kurudi maabara kunazidisha hali kwa exp(−iπσz), ambayo ni −1 kamili, yaani awamu ya −π, kwa sababu spini-1/2 hubadili ishara ikizungushwa mara moja. Ukiweka −π hiyo unapata −π(1 − cosθ), nusu ya pembe mango, yaani −π/2.

Kipande cha tatu ndicho kipimo cha "polepole". Kwa ω0/ω = 100 kinaongeza takriban −0.012 radiani, na uwezekano wa spini kuruka hali haupiti takriban 0.000075. Ukigeuza mwelekeo wa mzunguko, awamu ya kijiometri inageuka ishara lakini mabaki haya hayageuki, kwa hiyo ukitoa matokeo mawili yanafutika.