Ushauri: bei tatu za mzigo mmoja (EXW, FOB, CIF). Mbona CIF ni rahisi hivi?

PampuNaBomba
Habari zenu wakuu. Naomba msaada kabla sijathibitisha oda, maana ankara ya mwisho inaandikwa wiki hii.

Nanunua pampu za maji 40 kutoka nje, zimefungwa kwenye makreti 5. Ujazo ni mita 6, uzito tani 2 na ushee. Hazijazi kontena, kwa hiyo zitakuja kwenye kontena la kuchangia. Muuzaji amenipa bei tatu za mzigo huohuo:

EXW, mzigo ukiwa kiwandani kwake, dola 8,400
FOB, mzigo ukiwa umepandishwa melini kule, dola 8,950
CIF, pamoja na nauli ya meli na bima, dola 9,150

Kinachonisumbua ni hizo dola 200 kati ya FOB na CIF. Yaani nauli ya meli na bima kwa mzigo wangu wote ni dola 200 tu? Na kwenye ankara ya awali ameandika "CIF" basi, mbele yake hakuna kitu. Nikilipa hiyo 9,150, nimemaliza hadi bandarini kwangu?

Mfanyabiashara77
Chukua CIF, dada, usijitese. Muuzaji analipa meli, analipa bima, na mzigo ni wake mpaka ufike bandarini kwako. Pampu zikivunjika baharini atakutumia nyingine. FOB ni ya watu wenye mawakala wao huko zinakotoka.

KaraniWaShehena
Hapo mwanzo uko sawa kaka, ila mwisho utamuumiza mwenzako. Kwenye CIF muuzaji kweli analipa nauli na bima mpaka bandari ya mwisho, lakini hasara inahamia kwa mnunuzi mzigo ukishapandishwa melini kule ulikotoka, sawasawa na FOB. Mahali pa kuishia gharama na mahali pa kuhamia hasara ni sehemu mbili tofauti. Pampu zikivunjika katikati ya bahari, muuzaji ameshatimiza wajibu wake. Wewe ndiye utakayeshika cheti cha bima na kudai.

Tazama pia ni bima gani. Kwa CIF ya Incoterms 2020, zile kanuni zinazotolewa na Chemba ya Kimataifa ya Biashara, muuzaji halazimiki kukata zaidi ya ile ya chini kabisa, masharti ya kundi C, kwa asilimia 110 ya bei. Kwako ni dola 10,065. Kundi C linalipa meli ikizama, ikipanda mwamba, ikigongana au ikiungua. Kreti likidondoshwa wakati wa kupakua, au likifunguliwa na pampu 3 zikaondoka, halilipi. Pampu za chuma haziharibiwi sana na kuzama kwa meli, zinaharibiwa na foklifti. Kwa hiyo mwombe muuzaji kwa maandishi akate bima ya kundi A, iliyo pana kuliko zote, hata akiongeza dola kadhaa, au ukate mwenyewe.

Fundi_Mitambo
Mimi nilinunua mashine kwa EXW mwaka juzi, nikaona bei nzuri kweli. Lori langu likafika kiwandani, wakafungua geti, wakanionyesha mashine imekaa sakafuni, basi. Nani aipakie? Wakasema bei ni ya kiwandani, kupakia si kazi yao. Nikakodi foklifti kwa nusu siku. Halafu wakala akaniambia tamko la forodha la kutoa mzigo nchini lazima liwe na jina la kampuni iliyosajiliwa kule, na mimi sina. Mashine ililala ghalani siku 11 tukibembelezana na muuzaji atumie jina lake. Kwa hiyo kwa swali lako la mali inakuwa yako lini, kwa EXW ni pale pale getini.

KaraniWaShehena
Pole sana Fundi, na hilo la tamko ndilo linalowakwamisha wengi kwenye EXW. Ila dada hakuuliza habari ya umiliki, na haya masharti hayagusi umiliki kabisa. Mali inakuwa ya nani lini, na hela inalipwa lini, lazima viandikwe pembeni kwenye mkataba.

PampuNaBomba
Asanteni. Sawa, la hasara nimelielewa. Sasa hizo dola 200? Je, ananisaidia tu?

KaraniWaShehena
Nimekaa upande wa mizigo ya kuchangia miaka mingi, nakuambia nilichokiona mezani.

Anayekusanya mizigo kule anagombania wateja, na mteja wake ni muuzaji. Kwa hiyo anampa nauli ya chini mno, wakati mwingine hata chini ya gharama. Fedha yake anairudisha upande wa pili: wakala wake wa bandarini kwako anakutoza wewe, tozo za kufungua kontena, za ghala, za nyaraka, za dilivari oda, halafu wanagawana. Muuzaji anaweza asijue lolote, yeye ameona nauli rahisi tu. Wewe huwezi kubishana, kwa sababu huyo wakala ndiye anayeachia mzigo na hukumchagua wewe. Na CIF haimlazimishi muuzaji kulipia upakuaji kwako, isipokuwa kama mkataba wake na msafirishaji umeujumuisha.

Ndiyo maana bei tatu hazilinganishwi zilivyo. Zisogeze zote mpaka mahali pamoja, tuseme mlango wa ghala la bandarini kwako, kabla ya ushuru. Hesabu hii ni ya mfano kwa mita zako 6, weka namba utakazopewa. Kumbuka mzigo wa kuchangia unatozwa kwa mita au kwa tani, lile lenye namba kubwa, kwa hiyo wewe ni 6, si 2.

CIF: 9,150. Wakala aliyechaguliwa na upande wa muuzaji anatoza dola 95 kwa mita, inakuwa 570, na nyaraka 75. Jumla 9,795.

FOB: 8,950. Wakala wako mwenyewe anakupa nauli ya dola 60 kwa mita, 360. Bima ya kundi A, 45. Tozo za kwako dola 30 kwa mita, 180, na nyaraka 50. Jumla 9,585.

EXW: 8,400. Kuuchukua kiwandani 240, tamko la kutoka 110, ghala na bandari ya kule 35 kwa mita, 210. Hapo umefika 8,960, yaani dola 10 juu ya FOB yake, halafu unaongeza zile 635 za FOB. Jumla 9,595, na usumbufu wa Fundi juu yake.

Katika mfano huu ile iliyoonekana rahisi imekuwa ghali kuliko zote. Kwako inaweza kugeuka. Utajua ukishapata jedwali la tozo la wakala wa upande wako kwa maandishi kabla hujathibitisha. Muulize muuzaji jina la wakala huyo, umwandikie wewe mwenyewe ukimtajia mita 6. Akikuambia tozo utaziona mzigo ukifika, hapo usiendelee.

Tozo_na_Kodi
Niongeze kitu mkuu umekiacha. Kuna nchi zinazotoza ushuru kwa thamani ya CIF na nyingine kwa thamani ya FOB. Kama kwa dada ni CIF, basi ankara ya CIF inaonyesha 9,150, lakini akinunua FOB forodha watajumlisha nauli yake na bima: 8,950 na 360 na 45, inakuwa 9,355. Anatozwa juu ya dola 205 zaidi. Kwa ushuru wa asilimia 25 ni kama dola 51. Kwa hiyo ile tofauti ya 210 kati ya CIF na FOB inapungua.

KaraniWaShehena
Kweli kabisa, nilisahau. Inabaki kama dola 159, bado FOB iko mbele kwa mfano huu, ila ilipaswa iwemo. Na kama ushuru ni mkubwa zaidi, pengo linazidi kuziba.

Mfanyabiashara77
Nimekubali la hasara, sikuwa nalijua hivyo. Lakini mimi nimechukua CIF mara nyingi za kontena zima na tozo za bandarini kwangu zilikuwa za kawaida tu. Tusimtishe mtu.

KaraniWaShehena
Kontena zima ni habari nyingine, tozo za kampuni ya meli zimetangazwa na hazina kona nyingi. Huu mchezo ni wa mzigo wa kuchangia.

Gati_Namba_4
Na mimi niseme, hata FOB hapa si sharti lake. FOB inafaa mzigo unaopandishwa melini na muuzaji mwenyewe. Kreti 5 zinaachwa kwenye ghala la mkusanyaji, zinakaa hata wiki kabla ya meli. Ghala likiungua siku ya tatu, kwa maandishi ya FOB hasara ni ya muuzaji, naye ataruka kwa kuwa alishakabidhi. FCA inamaliza ubishi: amekabidhi ghalani, basi. Andikeni FCA na jina la ghala.

KaraniWaShehena
Kwa kanuni uko sahihi. Ila mimi kwa mnunuzi nisingeharakisha kuiomba, maana inamhamishia hasara ya hizo siku za ghalani. Na wauzaji wengi wakiona FCA wanarudi na maswali, ankara inachelewa.

Gati_Namba_4
Hasara inayohamia kwako ukaijua ukaikatia bima ni afadhali kuliko inayobaki kwa mtu atakayeikana. Hapa hatutakubaliana.

PampuNaBomba
Wakuu, nimerudi na majibu. Nilimwandikia muuzaji aweke jina la bandari mbele ya sharti, pamoja na maneno "Incoterms 2020". Akarudisha ankara imeandikwa "FOB" halafu jina la bandari yangu mimi! Nikamwambia FOB inataja bandari ya kupakilia, akairekebisha siku hiyo hiyo.

Jina la wakala wa CIF nalo alinipa. Nimemwandikia mara mbili nikimtajia mita 6. Amejibu kwamba tozo "zitategemea kontena", hajatoa hata namba moja. Wakala niliyemtafuta mimi ameandika kila kitu, nauli 64 kwa mita, tozo za hapa 33.

Kwa hiyo naenda na FOB. Kilichobaki ni kimoja: wakala wangu anasema tozo za ghala kule atampelekea muuzaji, muuzaji anasema 8,950 yake inaishia kuufikisha mzigo ghalani. Nani anazilipa?

KaraniWaShehena
Kama ankara inasema FOB ni za muuzaji, mpaka mzigo uwe juu ya meli. Mwambie wakala wako akutumie kiasi cha tozo hizo sasa hivi, umpelekee muuzaji, akubali kwa maandishi kabla hujalipa amana. Akikataa, hiyo 8,950 si FOB bali ni FCA kwa jina lingine, na bei ishuke ilingane.

Gati_Namba_4
Ndicho nilichokuwa nasema.