Naomba ushauri: nimebadilisha maneno, bado naambiwa nimenakili

Wakuu, nasoma uuguzi. Kwenye pepa nilitumia utafiti wa Aiken na wenzake wa 2002, Pennsylvania: kila muuguzi alipoongezewa mgonjwa mmoja, uwezekano wa wagonjwa wa upasuaji kufariki ndani ya siku 30 ulihusishwa na ongezeko la asilimia 7. Mimi nikaandika “husababisha”, nikabadilisha maneno matatu manne, mpangilio wa sentensi ukabaki uleule. Mwalimu kazungushia wino mwekundu: umenakili, tena umepotosha! Na kusema kweli, niliuokota kwenye makala ya mtu mwingine.

Mwenzangu anasema niandike “Aiken na wenzake, 2002, kama walivyonukuliwa na” niliyemsoma, na kwenye marejeo nimweke huyo tu. Ni sahihi kwa APA, au nitafute utafiti wenyewe? Nyie mnafunika chanzo kwanza ndipo mnaandika?