UZI: Eti hesabu atampa marehemu!

Kifaranga_wa_Umoja
Wadau, naandika huku natetemeka. Mnamjua. Simtaji, lakini mnamjua: yule wa kofia pana kila mazishi, anayeshika maikrofoni kabla ya padri. Huyo ndiye marehemu baba alimwandika kwenye wosia awe mdhamini wa dada yangu.

Dada ana miaka 19 na mtindio wa ubongo. Hatembei, haongei, lakini akikucheka unajua umechekwa. Baba alimwachia ploti ya Kayole, vyumba 8, kila kimoja 4,500. Wosia unasema kodi ishikwe na mdhamini kwa matunzo, matibabu na mazoezi ya viungo ya dada maisha yake yote, "kadiri mdhamini atakavyoona inafaa". Hayo maneno manne ya mwisho ndiyo yametumaliza.

Jana Jumapili amekuja kwa mama. Amekula chapati 6. Nimehesabu, maana kuhesabu ni kazi yetu, yeye hahesabu kitu. Nikampa risiti ya mazoezi ya mwezi mzima, 12,000, nikamwambia kwa heshima zote, "Baba mdogo, tunaomba hesabu ya kodi, ni miaka 3 sasa." Akapokea risiti. Akapangusa nayo mafuta ya chapati. Kidole kimoja kimoja, hata kile kidogo. Kisha akasema: "Hesabu nitampa marehemu."

Mbele ya mama. Mbele ya dada mwenyewe, aliyekuwa anacheka, akanyamaza.

36,000 kila mwezi inaingia kwa simu yake, ile ile anayolipia nyama choma. Sisi anatuma 5,000, tena baada ya kupigiwa mpaka simu inaona haya. Miaka 3 ni 1,296,000. Sisi tumepata 180,000. Toa maji, toa mabati, toa hata hewa wanayopumua wapangaji, zilizobaki ziko wapi? Ziko Jogoo Road zinapiga honi! Matatu mpya, viti vya ngozi, muziki wa kung'oa meno. Alimwambia mama "amejikopesha kidogo".

Na risiti akapangusia MAFUTA.

Kabla hajaondoka akaacha karatasi mama atie sahihi: "Familia imeridhika na hesabu." Hesabu gani? Ya chapati?

Makanga_Mstaafu
Swali moja tu. Nani alimpa chapati ya sita?

Hati_Iko_Kortini
Udhamini ni balaa. Mimi nilimdhamini shemeji kwa hati ya shamba, akatoroka kesi. Hati iko kortini, yeye yuko Mombasa anatuma picha za mahamri.

Kifaranga_wa_Umoja
Si udhamini huo, mzee! Huyu ni wa wosia!

Hati_Iko_Kortini
Kote ni kudhamini. Aliyeumia ni mimi.

Wakili_wa_Kibaraza
Kijana, hii ni rahisi. Dada ana 19, ni mtu mzima. Amana ya mtoto huisha akifika 18. Mwambieni arudishe ploti leo.

Karani_Mzee
Wakili, polepole. Nimebeba mafaili ya mirathi Milimani mpaka mgongo ukapinda. 18 inamaliza amana wosia ukisema mtoto ashikiwe mpaka akue. Huu unasema maisha yake yote. Isitoshe, hata mkimkabidhi dada ploti leo, nani atapatana na wapangaji na kutia sahihi? Ndiyo maana babake akaweka mdhamini.

Kifaranga, yale maneno manne hayana sumu unayodhani. Yanampa kuchagua: mwezi huu alipie mazoezi, mwezi ujao aweke akiba ya kiti cha magurudumu. Hapo hata jaji huwa hapendi kumwingilia. Lakini hayampi ruhusa ya kunyamaza. Mdhamini huandika kila shilingi iliyoingia na ilikokwenda, na pesa za dada hukaa akaunti yake peke yake. Kodi ikishaingia simu inayolipia nyama choma, tayari amekosea, hata kama hajala senti.

Je, ndiye pia korti ilimpa hati ya kusimamia wosia?

Kifaranga_wa_Umoja
Ndiye. Kila kitu ni yeye. Hata risiti ni yeye, na mafuta yake.

Karani_Mzee
Basi kifungu cha 83 cha Sheria ya Mirathi kinamshika. Alitakiwa kupeleka kortini orodha ya mali na hesabu ndani ya miezi 6 tangu apewe hati. Nenda rejista na nambari ya kesi ile ile ya mirathi, uombe kuona faili. Kama hakuna hesabu humo, una pa kuanzia. Mwandikie barua ya kudai, weka nakala. Akinyamaza, mnapeleka ombi kwa niaba ya dada, katika faili hilo hilo, korti imwamuru alete hesabu na taarifa za benki na za M-Pesa.

Ombi la kumwondoa lifuate baada ya hesabu. Wengi huanza na "mtoeni huyu mwizi", jaji anauliza "ameiba nini?", familia inaangalia dari.

Makanga_Mstaafu
Na matatu je? Hiyo ndiyo tunataka.

Karani_Mzee
Ikionekana pesa za kodi ndizo zilizoinunua, korti inaweza kuzifuata mpaka kwenye matatu, na faida ikawa ya dada. Mdhamini hajikopeshi bila wosia kumruhusu, hata akirudisha na riba. Ila kuona matatu hakutoshi. Mnahitaji tarehe pesa zilipotoka na tarehe alipolipa.

Mama_wa_Pacha
Nyinyi mna ploti ya kugombania. Mwanangu hali yake ni kama ya huyo dada, na babake alituachia redio na madeni ya duka. Redio nayo ilichukuliwa na shangazi.

Hati_Iko_Kortini
Shangazi huyo afadhali. Wangu alichukua godoro matanga hayajaisha.

Kifaranga_wa_Umoja
Kesho naenda Kayole kuwaambia wapangaji walipe kwa mama. Imeisha.

Karani_Mzee
Usithubutu. Kisheria kodi hiyo inapokelewa na yeye kama mdhamini. Mpangaji akilipa mama, yeye atamwambia bado anadaiwa, amfungie mlango, na mtu asiye na kosa alale nje. Ombeni amri ya muda kodi iingie akaunti mpya kesi ikiendelea.

Na ile karatasi mama asiguse. Haki ya kuridhika na hesabu ni ya dada, na mama hawezi kuitupa kwa kalamu yake. Lakini baba mdogo ataipeperusha mbele ya jaji, mtapoteza miezi mkieleza.

Wakili_wa_Kibaraza
Na ada ya wakili atalipa nani? Mtakula ploti mkiitetea. Kaeni na wazee myamalize.

Karani_Mzee
Hapo Wakili hajakosea kabisa. Gharama jaji huamua mwishoni. Nimeona zikitoka mfukoni mwa mdhamini, nimeona zikiila amana yenyewe.

Kifaranga_wa_Umoja
Wazee gani? Mwenyekiti wa kikao ni yeye! Mimi bado naona vile vidole, jamani. Kimoja kimoja.

Makanga_Mstaafu
Kwani hakukuwa na kitambaa mezani? Mgeni anakula chapati 6 bila kitambaa, nyinyi pia mna makosa.

Mama_wa_Pacha
Chapati ya mafuta mengi hivyo haijapikwa vizuri. Unga ulikandwa na maji baridi.

Kifaranga_wa_Umoja
Usimguse mama yangu!

Hati_Iko_Kortini
Maji moto ndiyo huiharibu. Uliza watu wa Mombasa.

Makanga_Mstaafu
Uliza shemeji yako, si yuko huko.

Msaka_Keja
Samahani, nimechelewa kuingia. Hapo Kayole kuna chumba wazi? 4,500 ni bei nzuri. Maji yanakuja kila siku?