Matangazo yanajileta kwenye simu hata Chrome nikiifunga, nifanyeje?

Mkorosho_Newala: Habari za jioni wakuu. Wiki nzima sasa simu yangu inashushiwa matangazo: "Simu yako ina virusi 13, safisha sasa." Yanakuja hata Chrome nimeifunga. Nimefuta historia mara tatu, nikahamia tabo za siri, wapi! Mama huishika hii simu na nahofia atayagonga. La pili, nina ukurasa wa kupulizia salfa dhidi ya ubwiriunga, na shambani mtandao haushiki. Nitausomaje huko?

Baharia_Mikindani: Ingia Settings, Site settings, Pop-ups and redirects, zima. Kazi imeisha.

Mkorosho_Newala: Nimeangalia kaka, ilikuwa imezimwa tangu mwanzo.

Fundi_Masasi: Hiyo inazuia vidirisha vinavyofunguka ukiwa ndani ya kurasa. Yako ni arifa. Kuna tovuti ilikwambia ubonyeze Allow kuthibitisha wewe si roboti, nawe ukabonyeza. Ruhusa hiyo inabaki hata ukifuta Browsing history. Tabo ya siri ingekukinga siku ile, maana huko Chrome haitoi ruhusa ya arifa, ila haiondoi uliyokwisha kuitoa.

Tangazo likija usiliguse. Teremsha pazia la juu ya kioo usome anwani ya tovuti iliyoandikwa pale kwenye arifa. Kisha Settings, Site settings, Notifications, tafuta anwani hiyo kwenye orodha ya zilizoruhusiwa na uizuie. Usiyoitambua nayo izuie.

Dada_Nachingwea: Jamani, mimi natumia kompyuta ya steshenari. Nikifungua dirisha la siri bosi haoni kitu?

Fundi_Masasi: Dada, historia haitabaki kwenye kompyuta ukishalifunga, lakini mwenye mtandao anaweza kujua tovuti ulizoingia. Na faili ulilopakua linabaki palepale, ukalifute mwenyewe.

Mkorosho_Newala: Nimekuta anwani nne! Moja ni ile niliyopakulia muziki. Zote nimezuia. Sasa ule ukurasa wa salfa?

Fundi_Masasi: Ufungue kwenye tabo ya kawaida, ushuke taratibu hadi mwisho ili picha zote zitokee, kisha gusa vinukta vitatu na ule mshale unaoelekea chini. Utaukuta kwenye Downloads. Kabla hujatoka nyumbani washa hali ya ndege uufungue, uone kama jedwali la vipimo limo. Video haitacheza.

Baharia_Mikindani: Mimi hupiga picha ya skrini tu, inanitosha.

Mkorosho_Newala: Limo lote, hata picha za majani yenye unga mweupe. Asante sana fundi. Ila usiku huu limekuja tangazo jingine, limejaza kioo kizima, halina anwani wala jina la Chrome.

Fundi_Masasi: Hilo nalihisi ni la programu uliyopakia. Likirudi, bonyeza kitufe cha programu zilizo wazi uone ni ipi imelileta, halafu uandike jina lake hapa kabla hujaifuta.